Tano Gani?

Taarifa ya kwanza niliyopewa kuisoma hewani ilikuwa na sentensi moja tu yenye namba. Iliandikwa hivi: "Watoto 35 wa shule ya msingi wamepewa vitabu 142, madaftari 68, kalamu 201 na miche 14." Niliisoma bila kukwama: watoto thelathini na tano, vitabu mia moja arobaini na mbili, madaftari sitini na nane, kalamu mia mbili na moja, miche kumi na nne. Nilipotoka studio, mzee aliyekuwa akitufundisha kazi alikuwa amekaa mlangoni na nakala yake ya taarifa mkononi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umesema thelathini na tano. Tano gani?"

Sikumwelewa. Akanikalisha, akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa kila namba jinsi inavyosomwa: watoto thelathini na watano, vitabu mia moja arobaini na viwili, madaftari sitini na manane, kalamu mia mbili na moja, miche kumi na minne. Kati ya hesabu tano nilizosoma, nilikuwa nimepatia moja tu, ile ya kalamu, nayo niliipatia kwa sababu ya ngeli yake, si kwa sababu niliijua.

Tangu siku ile kila ninapoona tarakimu kwenye karatasi naisikia sauti yake. Tarakimu 5 ni ileile mbele ya vitabu na mbele ya watoto. Macho hayaoni tofauti. Mdomo wa Mswahili ndio unaoitoa: vitabu vitano, watoto watano. Anayeandika tarakimu anamwachia msomaji kazi ya kutafuta kiambishi, na kiambishi hicho hakipo kwa ajili ya urembo. Kinaifunga hesabu kwenye kitu kinachohesabiwa.

Tuanze na umbo lenyewe. Mzizi wa namba yetu ni -tano. Ukiuweka kwenye ngeli ya KI-VI unapata vitano: vitabu vitano, viti vitano, vikombe vitano. Kwenye ngeli ya A-WA unapata watano: watoto watano, wazee watano. Kwenye LI-YA ni matano: magari matano, madaftari matano. Kwenye U-I ni mitano: miti mitano, mikate mitano. Mahali nako kuna kiambishi chake, ndiyo maana tunasema mahali patano. Ni kanuni ileile inayotufanya tuseme vitabu vizuri na watoto wazuri. Namba hizi ni vivumishi, na kivumishi cha Kiswahili huvaa nguo ya nomino yake.

Kanuni hii ina sharti moja kubwa, nalo ni uhai. Kijana anaanza na ki-, sawa na kikombe, lakini tunasema vijana watano na vikombe vitano. Daktari kwa wingi ni madaktari, lakini ni madaktari watatu, si matatu. Ng'ombe, mbuzi na kuku hawana umbo la wa-, ila ni ng'ombe wanane, mbuzi wanne, kuku wawili. Kiswahili kinapohesabu kiumbe chenye uhai, hakitazami nomino inavyoanza. Kinatazama kama kitu hicho kinapumua.

Hapo ndipo faida ya kiambishi inapoonekana waziwazi, kwa sababu yako maneno ya Kiswahili yanayobeba kitu chenye uhai na kisicho na uhai kwa umbo moja. Ndege ni yule anayetaga mayai, na ni ile inayotua uwanja wa ndege. Ukisema ndege wawili, kila mtu anawaona juu ya tawi. Ukisema ndege mbili, tayari wanasikia injini. Kifaru ni mnyama wa Ngorongoro, na ni gari la vita lenye minyororo. Vifaru watatu ni wanyama, vifaru vitatu ni silaha. Kiboko ni mnyama wa mtoni, na ni fimbo. Mtu akisema "viboko watano" anasimulia safari ya mbugani. Akisema "viboko vitano" anasimulia adhabu. Hakuna neno lingine lililoongezwa kwenye kirai hicho. Silabi moja imetosha kubadili kinachozungumzwa.

Sasa tuitazame ile kalamu niliyoipatia bila kujua. Kalamu iko kwenye ngeli ya I-ZI, pamoja na nyumba, meza, nguo na siku. Huko namba zinaonekana kama hazikuvaa chochote: nyumba tatu, meza nne, siku tano. Lakini ziangalie vizuri zinapofika mbili. Mzizi ni -wili, kama unavyosikika kwenye wawili, viwili, mawili na miwili. Mbona kwenye nyumba unageuka kuwa mbili? Ngeli hii ina kiambishi cha sauti ya puani, na sauti hiyo ikikutana na w, zote mbili hugeuka kuwa mb. Ni badiliko lilelile linaloifanya uwingu iwe mbingu. Kwa hiyo mbili imevaa nguo, tena nguo ya kushonwa. Mbele ya t sauti hiyo ya puani ilimezwa, ndiyo maana tunabaki na tatu na tano. Na moja, nne na nane zinaanza na sauti ya puani tangu mwanzo, kwa hiyo sikio halipati la ziada.

Umbo hilo la ngeli ya kalamu ndilo tunalotumia tunapohesabu bila kutaja kitu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mtoto analijifunza kwa wimbo kabla hajajua kusoma, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Nilikuwa nimezibeba namba za kuhesabia vidole, nikazibandika kwenye watoto, vitabu na miche. Atakayekwambia "watoto mbili" anafanya hivyohivyo. Ameichukua namba iliyolala kichwani akaiweka mbele ya nomino kabla ya kuivalisha.

Swali linalofuata huulizwa na kila mwanafunzi mwenye sikio. Kama ni vitabu vitano na watoto watano, mbona ni vitabu sita na watoto sita? Ndani ya kumi, namba zinazovaa kiambishi ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Zisizovaa ni sita, saba, tisa na kumi.

Sita, saba na tisa zina jibu jepesi. Ni maneno ya Kiarabu, yaliyoingia pwani pamoja na biashara na dini, yakabaki na umbo lake. Kabla yake Kiswahili kilikuwa na maneno yake ya Kibantu: tandatu kwa sita, mfungate kwa saba, kenda kwa tisa. Hayakufutika kabisa. Kenda ungali unaweza kuisikia kwa wazee na kuikuta kwenye mashairi. Saba ya zamani imejificha kwenye fungate, zile siku saba za maharusi baada ya ndoa. Watu wanasema wako fungate bila kujua kwamba wanahesabu. Kukaa pamoja kwa hesabu za asili mbili kunaonekana hata kwenye siku za wiki. Juma letu linaanza Jumamosi, yaani juma la kwanza, na siku ya tano ni Jumatano. Inayofuata ni Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano pia, kwa kuwa Waarabu wanaanza kuhesabu siku moja baadaye, Jumapili. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana, na hatujawahi kugongana.

Nane haikubadilishwa. Ni ya Kibantu, ikabaki na tabia yake: watu wanane, vitabu vinane, madaftari manane, miti minane. Hii ndiyo namba inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu inakaa katikati ya saba na tisa zisizobadilika, na ulimi unaizoea kama jirani zake. Ukitaka kujua kama mtu amelelewa na lugha au ameifikia njiani, msikilize anapohesabu vitu vinane.

Kumi nayo ni ya Kibantu, lakini haivai kiambishi. Sababu yake ni kwamba kumi ni nomino, ina wingi wake: makumi. Nomino haivai nguo ya nomino nyingine. Mia na elfu zilitoka Uarabuni, lakini zimeingia katika mpango huohuo, tukapata mamia na maelfu. Mpango huu wa namba ndogo kuwa vivumishi na kubwa kuwa nomino hatukuupata kwa wageni. Nenda Uganda uwasikilize Waganda. Watu watano kwao ni abantu bataano, na vitabu vitano ni ebitabo bitaano, kila kimoja na kiambishi chake kama sisi. Wakifika sita wanasema abantu mukaaga, ebitabo mukaaga. Neno lao la sita ni la Kibantu, si la Kiarabu, na bado halibadiliki. Wakikuyu wao wanasema andũ atandatũ kwa watu sita, na humo utaisikia ile tandatu yetu ya zamani ikiwa imevaa kiambishi. Tisa yao ni kenda, sawa na ya wazee wetu.

Turudi kwenye ile taarifa ya redio, kwa kuwa namba zilizonishinda zote zilikuwa kubwa kuliko kumi. Kanuni ya namba ndefu ni kwamba kila sehemu inafuata nomino inayoihesabia. Chukua vitabu 142. Mia moja: hapo moja inahesabu mia, na mia iko ngeli ya nyumba na kalamu, kwa hiyo ni moja, si kimoja. Arobaini haibadiliki. Mbili ya mwisho haihesabu mia wala arobaini. Inahesabu vitabu vilivyobaki, kwa hiyo ni viwili. Vitabu mia moja arobaini na viwili. Ukifuata njia hiyohiyo, 201 inasomwa kwa namna mbalimbali: kalamu mia mbili na moja, watu mia mbili na mmoja, vitabu mia mbili na kimoja. Angalia kwamba moja inachukua kiambishi cha umoja hata kama vitu ni vingi, kwani kilichobaki baada ya mia mbili ni kimoja tu.

Nilidhani huo ni ufundi wa vitabu vya sarufi, mpaka mzee wetu aliponiandikia mfano mwingine mgongoni mwa karatasi ileile. "Watu elfu thelathini na tano," akasema, "andika kwa tarakimu." Nikaandika 35,000. "Sasa, watu elfu thelathini na watano." Kalamu ilisita mkononi, kisha nikaandika 30,005.

Sentensi mbili hizo zinatofautiana kwa silabi moja, na kati yake kuna watu 4,995. Katika ya kwanza, tano haina wa-, kwa hiyo haihesabu watu. Inahesabu elfu: elfu thelathini, na elfu nyingine tano. Katika ya pili, watano ni watu, kwa hiyo ni elfu thelathini zilizotimia, kisha watu watano juu yake. Swali la "tano gani?" limejibiwa na kiambishi chenyewe. Anayegawa chakula kwa waliokumbwa na mafuriko, au anayetangaza idadi ya waliojiandikisha kupiga kura, hawezi kulipuuza hilo.

Uwezo huo una mpaka wake. Kwenye ngeli ya kalamu na shilingi, tano ya elfu na tano ya shilingi zinafanana, maana zote ziko ngeli moja. "Shilingi elfu thelathini na tano" inaweza kusikika kama 35,000 au 30,005. Ndiyo maana sokoni na benki utasikia watu wakigeuza maneno: thelathini na tano elfu. Kwa kuitanguliza tano mbele ya elfu wanaifunga kwa mpangilio, kwa kuwa kiambishi hakiwezi kuwasaidia. Na anayetaka kutaja 30,005 hutaja kitu mara ya pili: shilingi elfu thelathini, na shilingi tano.

Mpaka mwingine ni pale vitu viwili vinapotajwa kwa hesabu moja. Fundi seremala akiandikiwa "meza na viti vitano", ameambiwa viti vitano, na meza hajui ngapi. Akiandikiwa "viti na meza tano", hesabu imehamia kwenye meza. Kiambishi kinashika nomino moja tu, na hakuna kinachoweza kuvaliwa na viti na meza kwa pamoja. Kama ni tano kwa tano, taja mara mbili: viti vitano na meza tano. Vivyo hivyo, huwezi kusema "watoto na vitabu vitano" ukategemea watoto wahesabiwe. Sema watoto watano na vitabu vitano.

Upande wa maandishi kuna mtego mmoja unaozidi kuenea kwenye matangazo na ujumbe wa simu, nao ni nafasi kati ya maneno. Watano ni neno moja, lina maana ya idadi: watoto watano. Wa tano ni maneno mawili, na maana yake ni nafasi katika mpangilio: mtoto wa tano, yule aliyezaliwa baada ya wanne. Anayeandika "watoto wa tano wamefaulu" ameivunja idadi vipande viwili. Njia ya kupima ni kuhamishia sentensi kwenye vitabu. Kama ungesema vitabu vitano, unganisha: watano. Kama ungesema kitabu cha tano, tenganisha: wa tano. Katika kupanga nafasi, kinachobadilika ni kile kiunganishi cha mbele, si namba: kitabu cha nane, gari la nane, mti wa nane.

Upatanisho huu hauishi kila mahali Kiswahili kinaposemwa. Katika mazungumzo ya mtaani Nairobi, na katika Kiswahili cha Lubumbashi, namba nyingi zimebaki na umbo moja la kuhesabia, na watu wanaelewana. Kwa wengi wao lugha hii ilikuja kama ya soko, kazi na mji, na soko linahitaji hesabu ya haraka. Lakini asikilize vizuri mwenye "ndege mbili" ya mtaani: lazima aongeze neno lingine kueleza ni zile zinazoruka kwa mabawa ya nyama au ya chuma. Kazi iliyofanywa na silabi moja inabidi ifanywe na sentensi nzima.

Na hata katika Kiswahili sanifu, ukiondoa nomino kabisa, kiambishi kinabaki kusema peke yake. Mwalimu anaingia darasani na kusema, "Watano wamekuja, vitano havijarudishwa." Hakutaja watoto wala vitabu, na hakuna mwanafunzi aliyechanganyikiwa. Kwa namba tupu angelazimika kurudia kila kitu. Ukifika sita uwezo huo unakatika: "sita wamekuja, sita havijarudishwa" inategemea kitenzi kuokoa maana.

Kwa anayeandika taarifa itakayosomwa kwa sauti, iwe ni ya redioni, msikitini, kanisani au kwenye mkutano wa kijiji, ombi langu ni dogo. Namba ikiishia na moja, mbili, tatu, nne, tano au nane, na kinachohesabiwa si cha ngeli ya kalamu, iandike kwa maneno au isome kimya mara moja kabla ya kumkabidhi msomaji. Na wewe unayesoma, unapoiona 5 kwenye karatasi, usiitamke kabla hujajiuliza: tano gani?